Ng'ombe Anayehema Alfajiri: Joto la Kaskazi na Maziwa ya Tanga

Katika vituo vya kukusanyia maziwa mkoani Tanga, miezi ya kaskazi huwa miezi ya manung'uniko. Ng'ombe chotara aliyekuwa akitoa lita 12 kwa siku mwezi wa Julai, wakati kusi inavuma na hewa imepoa, Januari anatoa lita 8. Hana ndigana, kiwele chake hakijavimba, na pumba anapewa kipimo kilekile. Mwenye ng'ombe huanza kumshuku aliyemuuzia pumba, au kijana anayemkatia majani. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Ng'ombe amelemewa na joto, na chanzo cha hasara kinaanza na usiku.

Tanga ni mahali pazuri pa kulieleza jambo hili, kwa sababu ufugaji wa ng'ombe wa maziwa umeshika mizizi pwani hii licha ya hali ya hewa yake. Tangu miaka ya 1980, kwa mradi uliosaidiwa na Uholanzi, familia nyingi za mjini na vijijini zilipata mitamba chotara, wakafugwa bandani na kukatiwa majani. Ng'ombe hawa wana damu ya Friziani au Ayrshire, nasaba zilizotoka Ulaya ya baridi, iliyochanganywa na damu ya zebu. Damu ya zebu huwasaidia kuvumilia jua na kupe. Damu ya Ulaya huwapa maziwa, na maziwa ndiyo yanayowaletea joto.

Joto linatoka ndani

Watu wengi hudhani ng'ombe huumizwa na jua peke yake. Jua ni nusu ya habari. Ndani ya tumbo lake kubwa mna vijidudu vingi mno vinavyochachusha majani mchana na usiku, na uchachushaji huo hutoa joto kama pipa la togwa linavyopata uvuguvugu likianza kuchacha. Kuna pia joto la mwili wenyewe: ini, moyo na kiwele vikifanya kazi ya kutengeneza maziwa, vinazalisha joto. Ng'ombe wa kienyeji mwenye lita 2 ana moto mdogo ndani. Chotara mwenye lita 12 ana moto mkubwa zaidi, na ule wa lita 20 mkubwa kuliko huo. Ndiyo maana ng'ombe bora wa banda huwa wa kwanza kuanguka maziwa joto likiingia, na yule dhaifu aliye jirani yake anaonekana hana shida.

Joto hilo lazima litoke. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, hutoka lenyewe. Hewa ikifika nyuzi 32 za Selsiasi, tofauti kati yake na ngozi ya ng'ombe inakuwa ndogo mno, na njia pekee yenye nguvu inayobaki ni kukausha maji: jasho juu ya ngozi na mvuke unaotoka kwa pumzi. Ng'ombe hutoka jasho kidogo sana akilinganishwa na mtu, kwa hiyo huongeza pumzi. Hapo ndipo pwani inapomkaba. Hewa yetu tayari imebeba unyevu, na hewa yenye unyevu haipokei mvuke kwa urahisi. Ng'ombe anahema, lakini kila pumzi inaondoa joto kidogo.

Watafiti huunganisha joto na unyevu wa hewa katika namba moja ili waone ng'ombe anabanwa kiasi gani. Kwa miaka mingi namba 72 ilihesabiwa kuwa mpaka: ikivukwa, ng'ombe wa maziwa huanza kuathirika. Vipimo vya baadaye kwa ng'ombe wenye maziwa mengi viliushusha mpaka huo hadi 68. Chukua mchana wa Februari wenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65: hesabu inatoa takriban 83. Hilo halishangazi mtu. Sasa chukua saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 88: inatoa karibu 76. Maana yake ni kwamba hata saa iliyo baridi kuliko zote, mpaka bado umevukwa.

Huko Arizona nchini Marekani, ambako mchana wa kiangazi ni mkali kuliko wa Tanga, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba ng'ombe akipata saa 3 hadi 6 za hewa iliyo chini ya nyuzi 21 usiku, maziwa yake hayaporomoki sana, hata kama mchana umemchoma. Hutumia saa hizo kumwaga joto alilolimbikiza. Ng'ombe wa Lushoto, juu milimani, hupata usiku wa namna hiyo. Ng'ombe wa Pongwe au Muheza mwezi wa Februari haupati. Analala na deni la jana, na asubuhi jua linamkuta nalo.

Maziwa yanapungua kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni rahisi kuiona: ng'ombe anakula kidogo. Anajua kwa mwili wake kwamba chakula kitaongeza moto, hivyo anaacha hori likiwa na majani. Lakini kula kidogo hakuelezi hasara yote. Katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Arizona yaliyochapishwa mwaka 2009, Robert Rhoads, Lance Baumgard na wenzao waliweka kundi moja la ng'ombe kwenye joto, na kundi jingine wakaliweka mahali pa baridi lakini wakalipa chakula kidogo sawasawa na kile kilicholiwa na wale wa joto. Wale wa baridi nao walipungua maziwa, ila wale wa joto walipungua zaidi. Ilionekana kwamba kupungua kwa chakula kunaeleza karibu asilimia 35 tu ya hasara.

Sehemu nyingine iko kwenye sukari ya damu. Kiwele hutumia sukari hiyo kutengeneza sukari ya maziwa, na sukari ya maziwa ndiyo inayovuta maji yajaze kiwele. Ng'ombe mwenye joto hutumia sukari zaidi katika sehemu nyingine za mwili, kwa hiyo inayofika kwenye kiwele hupungua, na ujazo wa maziwa hushuka nayo. Hii ndiyo sababu kumwongezea pumba ng'ombe anayehema hakurudishi maziwa. Kinachohitajika kwanza ni kumpunguzia joto.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wafugaji. Maziwa hayashuki siku ileile ya joto kali. Athari kubwa huonekana kama siku 2 baadaye. Jumatatu ikiwa kali, anguko linaonekana Jumatano, na Jumatano yenyewe huenda ikawa na mawingu. Mfugaji anatafuta kosa la Jumatano asilione.

Mhesabie pumzi

Huhitaji mashine kujua hali ya ng'ombe wako. Simama pembeni yake akiwa ametulia, tazama ubavu nyuma ya mbavu, na uhesabu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, kisha zidisha mara 2. Pumzi chini ya 60 kwa dakika ni hali ya kuvumilika. Zikipita 60, joto limeanza kumshinda. Zikipita 80, maziwa yanapotea. Akiwa amefungua mdomo, ametoa ulimi na udenda unachuruzika, hiyo ni hatari.

Hesabu mara mbili: saa kumi alasiri, na saa kumi na moja alfajiri kabla ya kukamua. Hesabu ya alasiri inakueleza mchana ulikuwaje. Ya alfajiri ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu inakueleza kama usiku ulimsaidia. Ng'ombe mwenye pumzi 85 alasiri na 40 alfajiri amelipa deni lake. Mwenye 85 alasiri na 65 alfajiri anaingia siku mpya akiwa bado na joto la jana.

Dalili nyingine ni kusimama. Ng'ombe wa maziwa hupenda kulala chini karibu nusu ya siku, akicheua. Akipata joto husimama ili upepo umpite pande zote, hucheua kidogo, na hujibanza karibu na ndoo ya maji.

Pwani, hata hivyo, kuhema kuna maana mbili, na kuzichanganya kunaua. Ndigana kali na magonjwa mengine ya kupe huleta homa, na ng'ombe mwenye homa naye anahema. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa ndicho kinachotenganisha. Joto la kawaida la ng'ombe ni karibu nyuzi 38.6. Aliyelemewa na hali ya hewa hupanda alasiri hadi 39.5 au zaidi, lakini alfajiri hushuka, na mara nyingi wenzake bandani nao wanahema. Mwenye ugonjwa huwa peke yake, na alfajiri bado ana nyuzi 40 au zaidi. Ukipapasa chini ya sikio au mbele ya bega waweza kukuta tezi zimevimba. Huyo ni wa kuitiwa mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Kumwogeshea maji na kusubiri ni kumpoteza.

Ng'ombe mmoja, banda moja

Tuchukue ng'ombe wa mfano, chotara wa kilo 400, aliyezaa miezi 3 iliyopita, anayefugwa ndani ya banda nje kidogo ya mji wa Tanga. Julai alitoa lita 12, Januari anatoa 8. Banda lake ni la mabati yaliyo juu kidogo tu ya kichwa cha mtu, na pande tatu zimejengwa kwa matofali ili kuzuia wezi. Maji hupewa ndoo 2 za lita 20, moja asubuhi na moja jioni, kutoka kwenye tanki jeusi lililo juani. Majani huwekwa saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Hili ni banda la kawaida, na mwenyewe ni mfugaji makini. Tufuate joto linavyoingia, linavyozaliwa na linavyokosa pa kutokea.

Anza na kivuli. Mabati yanazuia jua, ni kweli, lakini saa saba mchana huwezi kuyagusa kwa mkono. Bati lililopata moto namna hiyo linamulika joto kuelekea chini, moja kwa moja mgongoni mwa ng'ombe, na likiwa karibu naye linamchoma zaidi. Paa linalofaa lina urefu wa mita 3 hadi 4, na kileleni liachiwe mwanya ili hewa moto ipande na kutoka. Asiyeweza kulinyanyua paa anaweza kutandaza makuti juu ya bati, au kuyafunga chini yake akiacha nafasi ya shubiri moja hadi mbili hewa ipite katikati. Makuti hayashiki joto kama bati, na Tanga yanapatikana. Yawekwe mbali na moshi na majiko, na yabadilishwe yakioza.

Tatizo kubwa zaidi la banda hili ni kuta. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na hapo ndipo penye tofali. Ukuta wa upande huo ukipunguzwa hadi usawa wa magoti, juu pakafungwa fito au nondo za kuzuia mwizi, upepo unaingia na ulinzi unabaki. Anayejenga upya kwenye sakafu ya zege alaze urefu wa banda mashariki kwa magharibi, ili kivuli kibaki ndani karibu siku nzima, na upande wa magharibi aning'inize pazia la makuti la kuzuia jua la alasiri. Kila ng'ombe awe na mita za mraba 4 hivi za kivuli. Wakibanana, kila mmoja anampa mwenzake joto. Mbolea itolewe mara mbili kwa siku, kwani sakafu iliyoloa huongeza unyevu ndani ya hewa ambayo tayari imelowa.

Kivuli chenyewe kina faida iliyopimwa. Katika jaribio la Florida miaka ya 1970, jimbo lenye joto na unyevu unaofanana na wa pwani yetu, ng'ombe waliowekwa chini ya kivuli walikuwa na pumzi 54 kwa dakika, na wenzao wasio na kivuli walikuwa na 82. Waliokuwa kivulini walitoa maziwa zaidi kwa asilimia 10. Tofauti hiyo ililetwa na paa tu.

Lakini usiku mambo yanageuka. Jua likishazama, paa linalomfaa mchana linamzuia kumwaga joto. Ng'ombe aliye chini ya anga wazi hutoa joto lake kuelekea juu, na upepo wa usiku unampitia bila kizuizi. Kwa hiyo penye ua imara kando ya banda, mtoe nje kuanzia saa moja jioni hadi alfajiri. Ua mdogo wenye ardhi kavu unatosha. Kwa mfugaji wa pwani anayepoteza maziwa kwa sababu ya usiku, hatua hii haigharimu karibu chochote isipokuwa seng'enge na mlango mzuri.

Ndoo zilizopungua bila mtu kuzipunguza

Sasa tuje kwenye maji, ambako hesabu ya banda hili inasikitisha. Ng'ombe wa kilo 400 mwenye maziwa, katika joto la nyuzi 32, anahitaji takriban lita 70 hadi 80 za maji kwa siku, ukijumlisha anayokunywa na yaliyomo ndani ya chakula. Maziwa ni maji kwa asilimia 87, na zaidi ya hayo anatoa jasho, udenda na mvuke wa pumzi.

Wakati wa mvua anakula kilo 40 za majani tembo mabichi. Majani hayo ni maji kwa karibu asilimia 80, kwa hiyo yanamletea lita 32. Hewa ikiwa imepoa, mahitaji yake yote ni kama lita 50, na ndoo 2 zinamtosha, nyingine inabaki na maji. Mfugaji anajifunza kwamba ndoo 2 ni kiasi cha ng'ombe wake.

Januari majani yamekauka. Ng'ombe sasa analishwa mabua ya mahindi na nyasi kavu, kilo 10 hivi, zenye maji ya lita 1 tu. Mahitaji yamepanda hadi lita 75. Ndoo bado ni 2. Anapata lita 41, na anakosa zaidi ya lita 30 kila siku. Hakuna aliyempunguzia maji kwa makusudi. Majani yaliyokuwa yakimletea zaidi ya nusu ya maji yake yametoweka kimyakimya, katika mwezi uleule ambao joto limeongeza kiu yake. Ng'ombe mwenye kiu hupunguza kula nyasi kavu, kwa sababu tumbo haliwezi kuzichachusha bila maji, na maziwa yanashuka kwa sababu mbili kwa pamoja.

Dawa ni maji yaliyo mbele yake saa zote, mchana na usiku. Kata pipa la plastiki la lita 200 katikati, au jenga birika la saruji, uliweke kivulini mahali anapolifikia bila kuzungushwa na kamba. Atakunywa sana mara baada ya kukamuliwa na mara baada ya kula, kwa hiyo saa hizo birika liwe limejaa. Tanki jeusi lililo juani lifunikwe kwa makuti au lihamishiwe chini ya mti, kwani maji ya uvuguvugu hayampozi na huyanywa kidogo. Lisugue birika kila siku mbili tatu. Mate na mabaki ya pumba huoza upesi katika joto, na pua ya ng'ombe inakataa maji ambayo jicho la mtu linayaona masafi. Ukitaka kujua kama anatosheka, tazama saa kumi na moja alfajiri. Birika likiwa tupu, hukumpa ya kutosha.

Vipi kuhusu kummwagia maji? Hufaa, lakini pwani kuna masharti. Ukungu mwembamba wa maji unaopulizwa hewani, unaofaa nchi kavu kama Arizona, hapa unaongeza unyevu bandani na kumzidishia shida. Kinachofaa ni kumlowesha mpaka ngozini, shingo, mabega na mgongo, kwa ndoo au mpira wa maji, kisha kuacha upepo umkaushe. Kukauka ndiko kunakoondoa joto. Rudia baada ya dakika 15 au 20, mara tatu au nne kabla ya kukamua jioni. Pasipo upepo au feni, acha. Maji yasichuruzike hadi kwenye kiwele, kwa sababu chuchu zilizolowa wakati wa kukamua hukaribisha ugonjwa wa kiwele.

Chakula kifuate saa ya baridi

Uchachushaji tumboni hufikia kilele cha joto lake kama saa 3 hadi 4 baada ya kula. Rudi kwenye banda letu: majani ya saa nane mchana yanawaka tumboni saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, wakati ambapo mwili wa ng'ombe tayari umefikia joto lake la juu kwa siku nzima. Chakula kilekile kikiwekwa saa moja usiku kinawaka saa nne au tano usiku, akiwa nje uani, upepo unampiga.

Kwa hiyo gawanya upya. Theluthi moja ya chakula apewe saa kumi na moja alfajiri, akila kabla jua halijapanda. Mchana aachiwe kidogo tu cha kutafuna. Theluthi mbili zilizobaki awekewe kuanzia saa moja usiku, na hori lijazwe tena kabla watu hawajalala. Mabadiliko haya yafanywe polepole kwa muda wa siku 5 hadi 7 ili vijidudu vya tumboni vizoee.

Aina ya majani nayo ina uzito. Majani tembo yaliyoachwa hadi yakawa miti, pamoja na mabua magumu, hutoa joto jingi na nguvu kidogo. Yakikatwa yakiwa na urefu wa karibu mita moja hulainika na kuliwa mengi. Penye ukame, mfugaji aliyesindika majani kwenye mifuko mwezi wa Mei, au aliyepanda lusina na gliricidia kwenye mipaka ya shamba, ana kitu laini cha kuchanganya na nyasi kavu. Katakata chakula kiwe vipande vifupi ili asichague, na majani mabichi yasirundikwe. Rundo huchemka ndani kwa saa chache, likaanza kunuka uchachu, na ng'ombe huligomea. Mabaki ya hori yaondolewe kila alfajiri kwa sababu hiyohiyo.

Hapa ndipo penye mtego wa pumba. Mfugaji akiona nyasi zimebaki, huongeza pumba za mahindi. Ng'ombe anayehema hupoteza udenda chini badala ya kuumeza, na udenda ndio unaozuia tumbo lisipate asidi kali. Pia hucheua kidogo, kwa hiyo udenda wenyewe unatengenezwa mchache. Pumba nyingi kwa mkupuo mmoja katika hali hiyo huchachua tumbo: kinyesi kinakuwa chepesi chenye povu, mafuta ya maziwa yanashuka, na baada ya majuma kadhaa kwato zinaanza kuuma. Kama anapata kilo 4 za pumba na mashudu, zigawe mara 3 au 4, nyingi ziwe za usiku, wala usizipe kabla ya nyasi. Ukitaka kuongeza nguvu bila kuongeza joto jingi, badili sehemu ya pumba kwa mashudu ya nazi au ya alizeti yenye mafuta kiasi, kwani mafuta yakimeng'enywa huzalisha joto dogo. Yasizidi, kwa sababu mafuta mengi huwazuia vijidudu kuchachusha nyasi.

Joto pia humtoa chumvi. Jasho la ng'ombe hubeba potasiamu kwa wingi, na mkojo hubeba sodiamu. Jiwe la chumvi liwe karibu naye wakati wote, na molasi kidogo ikinyunyizwa juu ya nyasi kavu humrudishia potasiamu na kumpa hamu ya kula.

Wasioonekana

Ng'ombe aliyekaushwa, asiyekamuliwa kwa sababu amebakiza miezi 2 kuzaa, mara nyingi huachiwa kona yenye joto kuliko zote. Ni kosa la gharama. Kazi ya Geoffrey Dahl na wenzake Chuo Kikuu cha Florida imeonyesha kwamba ng'ombe aliyeteswa na joto katika kipindi hicho hukuza tishu kidogo za kiwele, na baada ya kuzaa hutoa maziwa machache kwa msimu mzima, hata kama wakati huo hewa imepoa. Ndama wake naye huzaliwa mwepesi. Yeye pia ana haki ya kivuli, birika na ua wa usiku.

Uzazi nao unaguswa. Joto kali katika siku za mwanzo baada ya kupandishwa huua kiinitete, na dalili za kutaka dume huwa fupi, nyingi zikitokea usiku. Januari na Februari mtazame saa ya alfajiri, na uhimilishaji ufanyike saa za ubaridi.

Pa kuanzia

Mwenye fedha kidogo aanze na vinavyofanyika leo: birika lililojaa usiku kucha, chakula kuhamia usiku, na ng'ombe kutolewa uani jioni. Kisha avunje ukuta unaozuia kaskazi. Baadaye ndipo aguse paa. Afanye jambo moja, asubiri siku 5 kwa sababu maziwa hujibu kwa kuchelewa, ndipo afanye la pili, na kila siku aandike namba tatu kwenye daftari: pumzi za alasiri, pumzi za alfajiri, na lita za maziwa. Pumzi za alfajiri zitashuka kwanza, na maziwa yatafuata.

Ng'ombe wetu wa mfano hatarudi kwenye lita 12 mwezi wa Februari. Pwani haitageuka Lushoto. Lakini lita 4 zinazopotea kila siku ni lita 236 kwa Januari na Februari pekee, na kila lita 1 kati ya hizo 4 inayorudi ni lita 59 katika miezi hiyo miwili. Maandalizi yake ni ya Novemba, kabla kaskazi haijatulia: makuti yawe yamefungwa, tanki limefunikwa, ua umekamilika, na majani yamewekwa akiba. Anayesubiri mpaka aone maziwa yamepungua ameanza kuhesabu siku ya Jumatano hasara iliyofanyika Jumatatu.